Acheni Kubana Notsi

Kila msimu wa mitihani unapokaribia, maduka ya fotokopi ya Masasi huuza karatasi moja inayopendwa kuliko kalamu. Ni ukurasa mmoja wa A4. Mtu fulani amechukua notsi za muhula mzima za sheria ya ardhi, akazibana kwa herufi ndogo kama miguu ya sisimizi, akaorodhesha kesi sitini na kitu, kila kesi mstari mmoja. Fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Hupanda na daladala kwenda Newala, ikafika mezani kwa mwalimu wa shule ya msingi, karani wa mahakama au askari, watu wazima wanaosoma shahada ya sheria kwa masafa, usiku, baada ya kazi. Mtihani wao ni wa vitabu wazi, ila "vitabu" vyenyewe ni karatasi moja tu ya mwanafunzi mwenyewe. Basi wananunua.

Mimi nasema karatasi hiyo ni mzigo. Si kwamba ina makosa ya tahajia, ingawa yapo. Ubaya wake uko kwenye kazi iliyofanywa kuipata. Aliyeitengeneza alidhani kufupisha ni kupunguza: chukua kurasa mia mbili, ondoa maneno mpaka zitoshe kwenye moja. Ukifupisha kesi kwa njia hiyo, kinachotoka kwanza ni kile mtihani utakachouliza, na kinachobaki ni kaulimbiu.

Nitaonyesha kwa kesi moja, kwa kuwa mabishano ya jumla hayamsaidii mtu mwenye mtihani wiki ijayo.

Kila karatasi niliyowahi kuiona ina mstari huu, au ndugu yake: "Ephrahim dhidi ya Pastory, 1990: mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo." Maneno sita baada ya mwaka. Yanapendeza, yanakaririka, na mtu akiyasoma anajiona ameielewa kesi. Sasa tazama kilichoachwa.

Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipoona uzee unamwelemea na hana wa kumtunza, aliiuza tarehe 24 Agosti 1988 kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikimbilia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilayani Muleba, akitaka mauzo yatamkwe kuwa batili, maana kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubali, mama akaamriwa arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikageuza, ikitegemea Haki za Binadamu zilizokwisha kuingizwa kwenye Katiba. Mpwa akapanda Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya.

Mpaka hapo karatasi ya dukani iko sawa. Jaji alikataa ubaguzi. Kanuni ya 20 ya sheria za urithi zilizotangazwa mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali Na. 436, ilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake, ila siyo kuiuza. Jaji aliisoma upya ili ipatane na Katiba. Lakini aliisoma vipi? Hakusema mwanamke anauza apendavyo. Alisema mwanamke na mwanamume sasa wako sawa, kisha akatazama mwanamume wa Kihaya alikuwa na haki gani. Mwanamume naye hakuwa huru. Akiuza ardhi ya ukoo bila ridhaa ya wanaukoo, wao wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Basi Holaria akapewa haki hiyohiyo pamoja na kamba yake. Mauzo hayakuwa batili, na Bernardo akashindwa rufaa, lakini akaachiwa miezi 6 ya kuikomboa ardhi kwa kulipa 300,000. Asipolipa, ardhi ni ya mnunuzi moja kwa moja.

Soma tena ule mstari wa dukani. Umemweka mwanamke mahali ambapo jaji hakumweka. Umeifuta ridhaa ya ukoo, umefuta ukombozi, umefuta miezi 6, na umeifuta Uhaya. Kilichobaki ni kweli kiasi cha kukudanganya.

Mwezi uliopita niliwapa wanafunzi watano wa Newala swali nililolitunga mwenyewe, wakiwa na karatasi zao mkononi na dakika 45, kwa kuwa mtihani wa saa 3 wenye maswali manne unakupa dakika hizo kwa kila swali. Swali lilikuwa la kwao kabisa. Mwanamke wa kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde amerithi kwa mama yake shamba lenye mikorosho 40. Amemuuzia mfanyabiashara wa Masasi bila kumwambia mtu. Mjomba wake, kaka wa marehemu mama, anadai mauzo ni batili. Mshauri mjomba.

Wanne kati ya watano walimwambia mjomba hana kesi. Sababu: Ephrahim, mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo. Mmoja alipiga mstari chini ya jibu kwa furaha.

Lakini mjomba hakusema mwanamke hawezi kuuza. Hakuna Mmakonde wa kusema hivyo kirahisi. Hapa ukoo unapita kwa mama, na shamba hilo lilikuja kwa mama. Mjomba anasema: hukuniuliza. Anachodai ni ridhaa, na ridhaa ndiyo sehemu ya Ephrahim iliyopona hukumuni. Yaani kesi ile, ikisomwa yote, inamfaa mjomba zaidi kuliko mpwa wake. Karatasi ya dukani iliwapeleka wanafunzi upande wa pili wa mto wakiwa na uhakika kabisa.

Tena hata mjomba asifurahi mapema. Kanuni za Tangazo Na. 436 ziliandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera hawamo humo. Huwezi kuichukua mila ya Wahaya ya kukomboa ardhi ukaishusha Newala kwa sababu tu imeandikwa kwenye hukumu maarufu. Mila ya Kimakonde itabidi ithibitishwe kwa watu wanaoijua. Na kama marehemu mama alikuwa Mwislamu, kama walivyo wengi huku, swali la kwanza si la Wamakonde wala Wahaya. Ni maisha yake yalifuata sheria gani.

Mwanafunzi wa tano, dada mmoja mwalimu, hakuwa na karatasi ya dukani. Alikuwa na yake, ya mkono, yenye kesi 11 tu. Jibu lake lilikuwa fupi na halikuwa kamilifu, ila lilianza na sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini: "Mjomba hapingi jinsia, anapinga kutoulizwa." Nikamuuliza ameitoa wapi.

"Mwalimu, niliandika amri ya mwisho," akasema. "Nikiona miezi 6 pale, nakumbuka jaji hakumpa mama kila kitu."

Hiyo ndiyo tofauti ninayoipigania. Katika mtihani wa vitabu wazi mtahini hakuulizi Ephrahim ilisema nini. Anajua unayo mbele yako. Anakupa watu wapya, ardhi nyingine, mila nyingine, na anataka kuona kama unajua kesi inaishia wapi. Kwa hiyo karatasi inayofaa hubeba mipaka kwanza, kanuni baadaye. Kanuni utaikumbuka, umeisikia darasani mara kumi. Usichokumbuka kwenye joto la chumba cha mtihani ni nani alikuwa anamdai nani, ni jambo gani lililopindua mambo, mahakama iliamuru nini mwishoni, na kesi hiyo haifiki wapi. Hivyo vinne, kwa maneno yako, vinakaa kwenye mistari minne. Ukurasa wa mkono una mistari kama 45. Toa vichwa na nafasi, zinabaki kesi 10 au 11. Siyo 60.

"Na hizo 50?" Huuliza kila mtu, tena kwa sauti ya mtu anayeombwa atupe watoto. Zitazame moja moja. Nyingi zinasema tu kile ambacho kifungu cha sheria kinasema, na kifungu unacho kichwani au unaruhusiwa kuingia nacho. Nyingine zinarudia kesi kubwa zaidi. Chache zimepitwa na sheria mpya, na hizo ndizo hatari. Ephrahim yenyewe ilianzia Mahakama ya Mwanzo. Leo mgogoro wa ardhi hauanzii huko. Tangu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 kuna mabaraza yake, kutoka kijijini hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwanafunzi anayebana notsi bila kufikiri atampeleka mjomba Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa ndivyo kesi ilivyosimuliwa.

Ukishachuja, usizipange kwa alfabeti wala kwa mpangilio wa mihadhara. Muhula hupangwa kwa urahisi wa mhadhiri. Maswali hupangwa na ugomvi wa watu. Weka kesi kando ya ugomvi wake. Nani ana haki kwenye ardhi hii? Anaweza kumpa mwingine? Serikali ikiitaka, nini kinafuata? Ukipanga hivyo utaona kitu ambacho karatasi ya dukani haiwezi kukuonyesha: kesi nyingine ni maarufu lakini hazina kazi kwenye swali lililo mbele yako. Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliyotoka Kambi ya Simba kule Arusha na kuamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994, huingizwa kila mahali. Ilisema haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba fidia ya haki hulipwa hata pale ambapo hakuna majengo wala mimea, ilimradi mtu ameitolea ardhi jasho lake. Ni kesi kubwa. Lakini aliyeshtakiwa mle ni Serikali, kwa sheria yake ya kufuta haki za watu. Mjomba wa Newala hagombani na Serikali. Wanafunzi wawili kati ya wale wanne walimwandikia fidia ya kikatiba kutoka kwa mpwa wake!

Kesi iliyokuwa na kazi hakuna aliyeigusa, ingawa ilikuwemo kwenye karatasi zote nne, mstari wa 37 au 38 hivi. Ni Nyagaswa dhidi ya Nyirabu, ya Mahakama ya Rufani, 1985: kuuza ardhi iliyo ndani ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni kazi bure, mauzo ni batili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inataka halmashauri ya kijiji iidhinishe. Swali langu lilisema wazi kwamba shamba liko kijijini na mnunuzi katoka Masasi. Kwa hiyo huenda mauzo yakaanguka kwenye ofisi ya kijiji, kabla mila ya Mmakonde wala Mhaya haijatajwa. (Shamba lingekuwa ndani ya mji wa Newala, eneo lililopangwa, tungezungumza mengine.) Jibu lilikuwa mkononi mwao, ila limezikwa kati ya mistari 60 inayofanana.

Kuna jambo jingine ambalo ukurasa wa mkono unaweza kulifanya na orodha haiwezi, nalo ni mshale. Kwenye karatasi ya yule dada, kutoka Ephrahim kuna mshale unaokwenda kwa Elizabeth Stephen na Salome Charles dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ya 2006. Wajane wawili wa Kisukuma walifukuzwa kwenye nyumba walizoishi na waume zao, kwa kanuni za Tangazo lilelile la 436. Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ndiyo iliyosema Tanzania imewanyima haki.

Juu ya mshale huo dada ameandika maneno matatu: "Majaji wengine hawakufuata." Hukumu ya jaji mmoja wa Mahakama Kuu haimfungi mwenzake. Katika karatasi ya dukani kesi hizi mbili ziko mbali kwa mistari 20, kila moja na kaulimbiu yake, moja ya ushindi na nyingine ya kushindwa, kana kwamba hazijawahi kukutana. Mwanafunzi anayezitegemea atamwambia mwanamke wa kweli, siku moja ofisini, kwamba Ephrahim ilimaliza kila kitu mwaka 1990. Wajane wale wawili wanajua kama ilimaliza.

Najua utetezi. Nimeusikia kwa kina kaka kwenye foleni ya fotokopi na kwa kina mama waliobeba watoto mgongoni. Hatuna muda. Mihadhara ni mafaili kwenye simu, kifurushi kinaisha, umeme unakatika, na Oktoba ni korosho. Nani atakaa kuchambua hukumu usiku baada ya kushinda ghalani? Sibishi kuhusu uchovu. Lakini hesabu muda wenyewe. Yule dada alitumia jioni tisa. Kila jioni kesi moja au mbili: anasoma hukumu yenyewe, au sehemu yake inayopatikana, anaifunga, anaandika mistari minne bila kuchungulia, kisha anafungua kuona alichokosea. Jioni zilizobaki alijipa maswali ya zamani, na kila alipojibu alitia nukta ya penseli pembeni ya mstari alioutumia. Baada ya maswali matatu, mstari usio na nukta aliufuta, hata kama kesi ni maarufu kiasi gani. Lohay ilibaki na nukta moja, ya swali la fidia. Kesi tatu zilitoka kabisa.

Wale wanne walitumia dakika tano kununua. Halafu ndani ya dakika zangu 45 niliwaona wakipeleka kidole juu na chini kwenye karatasi, wakitafuta. Niliwahesabia bila kuwaambia. Mmoja alitafuta kwa dakika 14 kabla hajaandika neno. Muda uliookolewa nyumbani ulidaiwa pale pale, tena ukiwa ghali.

Anayetaka kununua karatasi ya dukani ili ajue muhula uligusa mada gani, anunue. Ina thamani ya jedwali la yaliyomo. Lakini asiingie nayo. Na ninyi mnaoziuza, angalau andikeni amri ya mwisho ya kila kesi na jamii ambayo mila yake ilibishaniwa. Mtaona wenyewe kesi 60 hazienei, na mtalazimika kuchagua, na mkianza kuchagua mtalazimika kusoma.

Wiki iliyofuata mmoja wa wale wanne, baba mtu mzima, karani, alinifuata Masasi na karatasi mpya. Mkono wake, wino wa bluu, kesi tisa. Kwenye Ephrahim alikuwa ameandika: "Mpwa alishindwa. Alipewa miezi 6 alipe 300,000. Uhaya, ukoo wa baba. NEWALA: uliza mila, uliza kijiji." Nikamwambia hapo kwenye kijiji aongeze Nyagaswa. Akageuza karatasi kutafuta nafasi, nikamkumbusha ni upande mmoja tu. Akaitazama kwa muda, akafuta jina la Gervazi Kaizilege, akaandika pale.